Cyrus, Koreshi au Kurush? Kuchagua jina la mfalme wa kale unapoandika Kiswahili

Niliwahi kuletewa mswada wa kitabu cha historia niuhariri. Katika orodha ya wafalme wa Uajemi mwandishi alikuwa amewapanga hivi: Cyrus, Koreshi, Darius, Xerxes, Ahasuero. Watu watano kwenye karatasi, ilhali kwa kweli ni watatu. Mwandishi hakuwa mzembe. Sura ya kwanza aliiandika vitabu vya Kiingereza vikiwa mezani, sura ya tatu akaiandika Biblia ikiwa mezani, na hapakuwa na mahali palipomwambia kwamba Cyrus na Koreshi ni mtu yuleyule, wala kwamba Xerxes na Ahasuero ni jina moja lililosafiri kwa njia mbili.

Anayeandika Kiswahili kuhusu dunia ya kale hukutana na majina ya aina tatu. Kuna jina la Kigiriki na Kilatini, ambalo sisi tumelipata kupitia Kiingereza. Kuna jina ambalo tayari limo katika Kiswahili cha dini, lililotoka Kiebrania au Kiarabu. Na kuna jina la wenyewe, kama lilivyosomwa kwenye mawe na vigae vyao. Hapa nayalinganisha yote matatu, nikiwatumia zaidi wafalme wa Uajemi, kwa sababu kwao njia zote tatu zinaonekana waziwazi.

Wagiriki waliingiaje katikati?

Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, aliandika katika karne ya 5 KK, wakati wafalme wa Uajemi wangali madarakani. Kitabu chake kilinakiliwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi, na mnyororo huo haukukatika. Wa Waajemi ulikatika. Aleksanda alipoiangusha dola yao, na jumba lao kuu la Persepoli likateketea mwaka 330 KK, herufi za kabari za Kiajemi cha kale hazikuwa na mtu tena wa kuziandika. Misri nako kulitokea hivyohivyo, ila baadaye: maandishi ya mwisho ya hieroglifu yenye tarehe yalichongwa katika kisiwa cha Philae mwaka 394 BK, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuyasoma mpaka msomi Mfaransa Champollion alipoyafumbua mwaka 1822. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, msomi wa Ulaya aliyetaka kujua habari za wafalme hao alikuwa na Wagiriki, Warumi na Biblia, basi.

Cha ajabu ni kwamba hata mawe yenyewe yalifunguliwa kwa majina ya Kigiriki. Mwaka 1802 Georg Grotefend, mwalimu wa shule huko Göttingen, alikuwa na nakala za maandishi mawili ya kabari kutoka Persepoli. Hakujua hata herufi moja. Aligundua tu kwamba mpangilio unajirudia: fulani, mfalme, mwana wa fulani, mfalme, na huyo wa pili ni mwana wa mtu ambaye haitwi mfalme. Kwa Wagiriki alikwisha soma kwamba Xerxes alikuwa mwana wa Darius, na Darius alikuwa mwana wa Hystaspes ambaye hakutawala. Wale wengine, Cyrus na Cambyses, aliwaondoa kwa sababu rahisi: majina yao yanaanza kwa sauti moja, na majina mawili aliyokuwa akiyatazama hayakuanza kwa alama moja. Akayaingiza majina aliyoyajua mahali pake, na herufi kadhaa zikatoka. Kwa hiyo tusiyabeze majina ya Kigiriki. Bila hayo huenda yale ya asili tungechelewa sana kuyapata.

Kwa nini basi yamepinda? Wagiriki hawakuwa na sauti ya "sh". Tena, nomino ya Kigiriki hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi, kwa hiyo jina geni la mwanamume lilipaswa kupewa mwisho unaoweza kubadilika, mara nyingi "s". Herodoto mwenyewe alinaswa hapo. Aliandika kwamba majina yote ya Waajemi huishia na herufi moja, yaani "s", kana kwamba amegundua tabia ya Waajemi. Yako yanayoishia kwa "sh", kweli, lakini Khshayarsha (Xerxes) na Kambujiya (Cambyses) yanaishia kwa "a". Ile "s" aliyoisikia ilikuwa ya kwao nyumbani.

Nasi hatuna haja ya kuwacheka. Nchi hiyo tunaiita Uajemi, kutokana na neno la Kiarabu la watu wasiosema Kiarabu.

Vipimo nitakavyotumia

Ninapochagua najiuliza maneno manne. Msomaji akitaka kusoma zaidi, jina hili litampeleka mahali? Linaandikika na kutamkika kwa Kiswahili bila kukwama? Liko karibu kiasi gani na jina ambalo mwenyewe aliitwa? Na je, litamchanganya msomaji, ama kwa kugongana na jina jingine, ama kwa kukosa wenzake katika orodha?

Jina la Kigiriki na Kilatini: Cyrus, Darius, Xerxes

Kwa kupatikana halina mshindani. Ukiandika `Xerxes I` kwenye mtandao unapata ramani, picha za sanamu na makala za kila namna. Tena orodha yake imekamilika: Cyrus, Cambyses, Darius wa kwanza hadi wa tatu, Artaxerxes na wenzake, wote wana jina na namba.

Kwenye kutamka ndipo shida inapoanza. Kiswahili hakina "c" inayosimama peke yake wala "x", na Xerxes anazo "x" mbili. Darasani nimesikia "Zaksizi", "Kserksesi" na kimya cha mwanafunzi anayeruka mstari. Ukiamua kuliswahilisha, litakuwa Kserksesi, na hapo faida ya kutafutika mtandaoni imeshapungua.

Ukaribu wake na asili hautabiriki. Fuata njia ya Kurush. Wagiriki walisikia Kurush wakaandika Kuros: "sh" imekwenda. Warumi wakaandika Cyrus, na "c" yao ilikuwa bado ni "k". Karne zikapita, "c" ya Kilatini mbele ya irabu kama hiyo ikalainika ikawa "s". Waingereza wakaja na irabu zao, na sasa mwalimu anasema "Sairas". Katika Kurush iliyotoka nyumbani, sauti iliyofika salama ni "r" peke yake. Darius ameumia kidogo kuliko hapo, kutoka Darayavaush, na mtu bado anaweza kumtambua.

Kuchanganya, hapana, almradi kitabu kizima kimetumia njia hii. Linamfaa anayemwandaa msomaji kwa vitabu vya Kiingereza: mwanafunzi wa kidato cha tano, mtafsiri wa vitabu vya kiada, mwandishi wa makala zenye ramani zilizochorwa tayari.

Jina lililomo katika Kiswahili cha dini: Koreshi, Dario, Ahasuero

Mtandaoni majina haya yatampeleka msomaji kwenye Biblia na maelezo yake, na si mbali zaidi ya hapo. Kwa kutamkika yanashinda yote: Koreshi, Dario, Artashasta na Ahasuero yameshakaa mdomoni mwa watu kwa miongo mingi, na mzee asiyewahi kusikia habari za Herodoto anaweza kukuambia kwamba Koreshi ndiye aliyewaruhusu Wayahudi warudi Yerusalemu.

Kwa ukaribu, Koreshi ananifurahisha. Waebrania walikuwa na sauti ya "sh", wakaandika Koresh; irabu zimebadilika lakini k, r na sh zimesimama zilivyokuwa. Kati ya Cyrus na Koreshi, mfalme mwenyewe akiitwa sokoni angegeuka kwa la pili. Ila usidhani majina yote ya Biblia yetu yana sifa hiyo. Kiebrania kilimwita Xerxes Akhashverosh: waliweka irabu mbele na katikati ili kuvunja ule msongamano wa konsonanti, kama sisi tulivyofanya kwa neno kilabu. Lakini Ahasuero wa Kiswahili anafanana na Ahasuerus wa Kilatini na Kiingereza kuliko na Akhashverosh. Zile "sh" mbili zimepotea zote. Kwa hiyo naye alipita Ulaya kabla ya kutufikia.

Kipimo cha nne ndicho kinachoyaangusha. Kwanza, orodha ina pengo: Kambujiya, mwana wa Koreshi aliyeiteka Misri, hatajwi kwa jina katika Biblia, kwa hiyo utalazimika kuazima Kambisi kutoka Kigiriki na kuvunja utaratibu wako. Pili, jina moja halimaanishi mtu mmoja. Dario wa kitabu cha Ezra, ambaye hekalu lilimalizika kujengwa katika utawala wake, ni Darius wa kwanza. Dario Mmedi wa kitabu cha Danieli ni habari nyingine: anatajwa kabla ya Koreshi, na baba yake anaitwa Ahasuero. Ukiandika "Dario" tupu, msomaji wa Biblia atawaunganisha. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ya kitabu cha Esta nayo inamwita mfalme wa Esta Artakserksesi, si Xerxes. Leo wengi wanamchukua Ahasuero wa Esta kuwa Xerxes kwa sababu ya jina lenyewe, Akhashverosh na Khshayarsha.

Misri inaongeza jambo la kuangalia. Cheo cha Kimisri "per-aa", maana yake nyumba kubwa, kimeingia Kiswahili mara mbili: Farao kwa Wakristo, Firauni kwa Waislamu. Yote mawili ni Kiswahili safi. Ila ukiandika kitabu cha shule kitakachosomwa na wote, chagua moja na ulitaje la pili mara moja mwanzoni. Firauni pia ni tusi katika mazungumzo ya kawaida, na katika sentensi ya kumsifu mjenzi wa piramidi linagonga sikio vibaya.

Majina haya yanamfaa mwandishi wa jumuiya ya dini, msimuliaji wa redio, na yeyote ambaye wasomaji wake wanajua kisa ila hawajui historia yake.

Jina la wenyewe: Kurush, Darayavaush, Khshayarsha

Kupatikana ni kwa shida. Mtandaoni utafika kwenye kurasa za wataalamu. Kutamkika kunategemea jina. Kurush ni jepesi kuliko Cyrus mara kumi. Darayavaush linahitaji pumzi lakini linakwenda. Khshayarsha, bila irabu ya kusaidia mwanzoni, ni vita.

Faida yake kubwa ni kwamba maana inarudi. Darayavaush ni "anayeshika lililo jema". Khshayarsha ni jina la mtu anayewatawala mashujaa. Ukiandika Darius, hayo yote yamelala.

Ukaribu na asili ungedhani si wa kuuliza hapa. Uulize. Kwenye mlima wa Bisitun, magharibi mwa Iran, Dario aliamuru habari za kutwaa kwake kiti zichongwe juu kwenye jabali katika lugha tatu. Kwa Kiajemi cha kale mfalme ni Darayavaush. Kwa Kielamu, palepale, ni Dariyamauish. Kwa Kibabeli ni Dariyamush. Ni jabali moja, amri moja na mfalme mmoja aliye hai, na karani wa kila lugha amelipinda jina kulingana na kinywa chake bila kukatwa kichwa. Koreshi naye, katika lile pipa dogo la udongo lililofukuliwa Babeli mwaka 1879, anajitangaza kwa Kibabeli: mimi ni Kurash, mfalme wa ulimwengu. Wazo kwamba kila mtawala alikuwa na jina moja halisi ambalo Wagiriki walilivunja halikubaliani na mawe yao.

Misri ni ngumu zaidi, kwa sababu hieroglifu hazikuandika irabu. Majina kama Nebmaatre, mojawapo ya majina ya Amenhotepi wa tatu, yamejazwa "e" na wataalamu ili yatamkike. Ni makubaliano yao tu. Tunajua yalikosa nini kwa sababu wafalme wa nje walimwandikia barua kwa kabari, ambayo huandika irabu, na vigae hivyo vilipatikana Amarna. Humo anaitwa Nibmuareya. Jina la Ramsesi wa pili wataalamu huliandika Usermaatre. Makarani wa Wahiti waliliandika Washmuaria. Na Diodoro, Mgiriki wa karne ya 1 KK, aliandika Osymandyas. Tazama silabi "ma" na zinazofuata: Mgiriki aliyekuja zaidi ya miaka elfu moja baadaye bado amebeba mwangwi wa matamshi ya watu, na umbo la "asili" la vitabuni halina.

Kuchanganya ni hatari ya wastani. Msomaji hatagonganisha Khshayarsha na mtu mwingine, ila huenda asijue kwamba alishamsoma mahali pengine kwa jina la Xerxes. Linamfaa mwandishi wa riwaya au tamthilia iliyowekwa ndani ya jumba la mfalme, na makala inayohusu maandishi yenyewe.

Miji ina kanuni yake

Mfalme akifa jina lake hubaki kwa wanaoandika, lakini mji una wakazi. Wagiriki waliotawala Misri waliiita miji mingi upya kwa kufuata miungu au wanyama wake: Hermopoli, mji wa Hermesi, Likopoli, mji wa mbwamwitu, Panopoli, mji wa Pani. Vitabu vikayashika majina hayo. Wakulima hawakuyashika. Leo Hermopoli ni Ashmunein, kutoka Khemenu ya kale, maana yake nane. Likopoli ni Asyuti, kutoka Siyuti. Panopoli ni Akhmim, na jina la mungu wa kale Min bado limo ndani yake. Uajemi ni hivyohivyo: Ekbatana ya Wagiriki ni Hamadani, kutoka Hagmatana, na Susa ni Shush, ambayo Biblia yetu inaiita Shushani. Kwa miji kama hii, jina la leo ndilo mara nyingi lililo karibu na la kale, na Kigiriki ndicho kilichopotoka njiani.

Thebe haiko hivyo. Wamisri waliiita Waset, Biblia inaiita No-Amoni, Wagiriki wakaipa jina la mji wao wenyewe, na Waarabu walipoona magofu wakaita al-Uqsur, majumba makubwa, ndiyo Luxor ya watalii. Hakuna kati ya hayo linalotokana na Waset. Hapa mimi huandika Thebe, na Luxor kwenye mabano.

Kulingana na kazi uliyo nayo

Ukiandika kitabu cha kiada cha sekondari, shika majina ya Kigiriki na Kilatini kwa wafalme wa Uajemi, lakini kila jina linapotokea mara ya kwanza weka jozi yake: Cyrus (Koreshi), Xerxes (Ahasuero wa kitabu cha Esta). Kwa Misri tumia ya wataalamu, Khufu na si Cheops, kwa kuwa vitabu vingi vya Kiingereza vimeshahamia huko.

Ukiandikia kanisa au redio, anza na Koreshi na Dario, na umtaje Dario pamoja na baba yake au kitabu anachotokea. Kambisi utamwazima tu. Mweleze kwa neno moja kwamba ni mwana wa Koreshi.

Ukitafsiri, fuata matini. Mwandishi wa asili akiwa Mgiriki, Kserksesi ni haki yake. Akiwa Ezra, ni Koreshi. Ukitafsiri maandishi ya Bisitun yenyewe, andika Darayavaush, hata kama msomaji atalalamika.

Ukiandika riwaya, jiulize nani anayesema. Mama yake hawezi kumwita Xerxes. Balozi wa Athene hawezi kumwita vinginevyo.

Kwa vyovyote vile, fanya faharasa kabla ya kuandika, si baada. Safu tatu, aina moja kwa kila safu, na jina ulilochagua ulikoleze. Yule mwandishi wa watu watano tuliimaliza kazi yake kwa karatasi moja ya namna hiyo.

Na ukiandika kuhusu pwani yetu, kuna mahali ambapo hutachagua chochote. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK unaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, safari ya siku mbili kutoka kisiwa cha Menuthia, na unasema jina limetokana na vyombo vyao vilivyoshonwa. "Rhapto" kwa Kigiriki ni kushona. Vyombo hivyo mabaharia wa pwani waliendelea kuvijenga na kuviita mitepe. Menuthia wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia, na mahali pa Rhapta penyewe hapajapatikana. Jina ambalo wenyeji waliuita mji huo halikuandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo andika Rhapta.